Pango limepanda, jirani anauza 3,500: nishushe bei ya sahani au nipandishe?

MwenyeMgahawa
Wakuu, habari za jioni. Nina mgahawa mdogo Sinza, viti 24, mchana tunauza wali nyama na wali samaki kwa 4,000. Kwa siku natoa sahani 60 hivi, siku 26 kwa mwezi, kwa hiyo 1,560.

Gharama ambazo nalipa mteja aje asije ni hizi: pango 500,000, mishahara ya watu wanne 1,200,000, umeme, maji, taka na vidogo vidogo 400,000. Jumla 2,100,000. Sahani moja nimeipigia hesabu ya mchele, nyama, mafuta, viungo na mkaa, inanigharimu 2,500. Kwa hiyo inanibakizia 1,500, na nikishauza sahani 1,400 nimerudisha gharama zote. Hizo ni 54 kwa siku. Zinazozidi ndiyo faida yangu, kama 240,000.

Sasa mwenye fremu ametaka 650,000 kuanzia mkataba mpya. Wakati huo huo jirani amefungua, anauza 3,500. Nafikiria nami nishuke 3,500 ili watu wajae. Kingine kinachoniumiza, hiyo 240,000 siioni mwisho wa mwezi. Nimeanza kumtilia shaka kijana wa kaunta. Naombeni ushauri kabla sijasaini.

Mangi wa Tabata
Usishuke hata kidogo. Pandisha 4,500. Chukua gharama zako mpya 2,250,000, sahani itabakiza 2,000, unahitaji 1,125 tu kwa mwezi. Ni 43 au 44 kwa siku na wewe unauza 60. Tatizo limekwisha hapo.

Mama Chapati
Pole kaka yangu. Hata mimi Buguruni mwenye fremu alinipandishia, nikahamia barazani kwa mtu, pango likawa karibu nusu. Lakini wateja wa chai ya asubuhi sikuwapata tena, maana walikuwa wanashuka kwenye daladala pale pale mlangoni pangu. Wewe fuata wateja, pango litajilipa.

Mhasibu Mstaafu
Ndugu mwenye uzi, kabla ya pango na kabla ya bei, ile 2,500 umeipataje? Kwa kukaa na kalamu, au kwa pesa iliyotoka? Nifanyie kitu kimoja. Jumlisha fedha yote iliyokwenda sokoni mwezi uliopita, pamoja na mkaa, kisha gawanya kwa sahani zilizouzwa. Zilizouzwa, siyo zilizopikwa. Ukipata namba hiyo rudi hapa.

MwenyeMgahawa
Mzee wangu shikamoo. Daftari la Mabibo na Tandale nalo lipo. Jumla 4,212,000. Nikigawa kwa 1,560 napata 2,700. Nimerudia mara tatu.

Mhasibu Mstaafu
Marahaba. Basi muache kijana wa kaunta kwanza. Sahani yako haibakizi 1,500, inabakiza 1,300. Hata kwa pango la zamani ulihitaji sahani 1,615, yaani 62 kwa siku, nawe unauza 60. Mwezi ule ulikuwa na hasara ya 72,000 wakati daftari lako linasema faida 240,000. Pesa hiyo inaishia jikoni.

Tazama kipi kimekuumiza zaidi. Pango likiongezeka 150,000 unatakiwa kuuza sahani nne au tano zaidi kwa siku. Shilingi 200 tu ndani ya sahani zimekupeleka kutoka 54 hadi 62, sahani nane. Pango unaligawa mara moja kwa sahani zote, ila ile 200 inakatwa kwenye kila sahani, na inakatwa kwenye kile kidogo kinachobaki. 200 kwenye 4,000 unaiona ndogo. Kwenye 1,500 ni kubwa.

Bei nayo inafanya hivyo hivyo, kwa ukali zaidi. Kwa pango jipya na sahani ya 2,700, ukibaki 4,000 unahitaji 67 kwa siku. Ukishuka 3,500 kumfuata jirani, sahani inabakiza 800, unahitaji 108. Kwa viti 24 na saa za mchana, utawakalisha wapi? Ukipanda 4,500 unahitaji 48. Umeona kwamba 500 ile ile ukiishusha inakuongezea sahani 41, ukiipandisha inakupunguzia 19 tu. Kadiri kinachobaki kwenye sahani kinavyopungua, kila shilingi unayoitoa inauma kuliko iliyotangulia. Ndiyo maana wanaoshusha bei huzama ghafla hata kama foleni ipo mlangoni.

Mangi wa Tabata
Kwa hiyo nilikuwa sahihi, 4,500.

Mhasibu Mstaafu
Mwelekeo uko sahihi, namba umeichukua kwa sahani ya 2,500 kabla hajaipima. Halafu 48 ni mahali anapoacha kula hasara tu, bado hajapata kitu. Akitaka ile 240,000 kwa bei ya 4,500 anahitaji 1,383 kwa mwezi, yaani 53 au 54 kwa siku. Kwa hiyo anaweza kupoteza wateja sita kwa siku, na jirani yupo hapo kwa 3,500. Hilo hesabu haiwezi kumjibu. Yeye ndiye anayewajua watu wake.

Dada wa Mwenge
Na je, wali nyama ukipanda, watu hawatahamia wali maharage? Hapo hata idadi ya sahani isiposhuka, kinachobaki kitashuka.

Mhasibu Mstaafu
Kweli kabisa dada. Hesabu yote hii imekaa juu ya sahani ya wastani. Mchanganyiko ukibadilika, inabidi ipigwe upya.

MwenyeMgahawa
Wakuu, nimerudi. Wiki nzima tumepima. Kilo ya mchele nanunua 3,000, nilikuwa nahesabu inatoa sahani sita. Mpishi anatoa tano, upawa wake unajaa kwa kilima. Hapo 100 imekwenda. Wafanyakazi wanne wanakula wali maharage kila siku, sikuwahi kuwaandika. Nikiukadiria mlo 1,000, kwa mwezi ni 104,000, ukigawa kwa sahani zinazouzwa ni kama 67. Kinachobaki ni wali unaolala. Siku ya mvua tunapika kama siku ya jua.

Dada wa Mwenge
Chakula cha wafanyakazi kiweke upande wa mishahara. Wanakula hata wateja wakiwa thelathini.

MwenyeMgahawa
Nimejaribu dada, nikapata 66 au 67 kwa siku. Hakuna tofauti kubwa. Mlo sitawaondolea, wanasimama tangu alfajiri.

Nimenunua bakuli la kupimia. Nikirudi 2,500 halisi kwa bei ile ile ya 4,000, na pango la 650,000, na mlo wa wafanyakazi ukiwa upande wa mishahara, nahitaji 60 au 61 kwa siku. Nauza 60, haitoshi. Naona nipande 4,200. Sahani ibakize 1,700, ninahitaji 53 au 54. Kijana wa kaunta nimemwomba radhi.

Mama Chapati
4,200 utahangaika na chenji, mwanangu. Weka 4,500 uongeze kachumbari na ndizi.

MwenyeMgahawa
Ndizi moja nayo inaingia kwenye sahani, mama. Ngoja nikaulize bei ya mkungu Mabibo kesho, nitaileta hapa.