Naomba ushauri: mshika hundi kwa nia njema na hundi iliyopatikana kwa hila

Ndugu wanajamii, najiandaa kwa mtihani wa sheria za benki na naomba mnisahihishe.

Mnunuzi alimwandikia muuzaji hundi ili apewe mashine ambayo muuzaji alijua ni mbovu. Muuzaji akaisaini nyuma, akamkabidhi mkopeshaji, ambaye alimlipa fedha bila kujua lolote. Mnunuzi alipogundua hila, aliiagiza benki isilipe.

Ninavyoelewa, mkopeshaji anaweza kumdai mnunuzi, kwa kuwa hundi ilikuwa kamili kwa sura yake, haijapitwa na wakati, na aliipata kwa malipo na kwa nia njema. Kanuni hiyo imo katika kifungu cha 29 cha Sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu hati za amri ya malipo, na hundi ni mojawapo ya hati hizo. Hali ingekuwa tofauti kabisa kama mwizi angeiba hundi na kughushi sahihi ya muuzaji, kwa sababu sahihi ya kughushi haihamishi haki yoyote, hata kwa mtu mwema.

Kinachonitatiza ni ushahidi. Hila ikithibitishwa, kifungu cha 30 kinamtwisha mkopeshaji mzigo wa kuonyesha kwamba alilipa, tena kwa nia njema. Je, akiwa ameinunua hundi kwa nusu ya thamani yake, bei hiyo peke yake inatosha kumwondolea nia njema, au ni dalili tu ya kupimwa pamoja na mengine?