Windows na Ubuntu laptopu moja, ipi inatangulia? Na saa inaruka masaa matatu

Kijana_wa_Duka: Wakuu habari za mchana. Nataka laptopu yangu iwe na Windows na Ubuntu, naombeni ushauri ipi inawekwa kwanza. Na hili la saa linaninyima usingizi, nikitoka Ubuntu nikaingia Windows saa inakuwa mbele masaa matatu, na Windows ndo naingizia mauzo ya duka la dawa la dada. Jana mauzo ya saa nne usiku yamesoma saa saba, yaani tarehe nyingine kabisa, hesabu ya siku ikagoma kufunga.

Mama_Kompyuta: Windows kwanza, Linux baadaye, siku zote. Mimi nilianza na Linux kwenye desktopu ya zamani, Windows ilipoingia ikafuta GRUB yote, nikahangaika wiki nzima.

Mzee_wa_Betri: Hiyo ni betri ya bodi imekufa kijana. Nunua CR2032 weka. Juzi nimemfungulia mteja laptopu, kila akizima inarudi mwaka wa zamani, nimeweka betri mpya kimya mpaka leo. Na nyie vijana mkome kuchokonoa mashine ambayo watu wanaitegemea kula.

Msema_Kweli255: Wakuu hii chai. Soma vizuri, anauliza ipi aweke kwanza halafu hapohapo "nikitoka Ubuntu nikaingia Windows". Unatokaje kwenye kitu ambacho hujaweka? Watu mnatungiwa story na mnajibu tu.

Kijana_wa_Duka: Sio chai mkuu. Zote zimo tayari. Nilianza na Ubuntu, Windows nikaiweka juzi, sasa ikiwaka inaenda Windows moja kwa moja, Ubuntu mpaka nibonyeze F12. Ndo maana nataka nifute zote nianze na Windows kama inavyotakiwa, bakapu nimeshafika nusu.

Fundi_Kimya: Acha hiyo bakapu iendelee, ila usifute kitu kwanza. Aliyosema Mama Kompyuta ni kweli kwa mashine za zamani, ambazo Windows ilikuwa inaandika juu ya GRUB mwanzoni mwa diski. Wewe F12 inakuonyesha neno "ubuntu"? Kama ndiyo basi ni UEFI na GRUB yako iko salama, kila mfumo una folda yake kwenye kipande cha EFI, Windows imejiweka mbele ya foleni tu. Ingia Ubuntu uandike `sudo efibootmgr`, utaona namba za kila mfumo na mstari wa BootOrder. Tuseme ubuntu ni 0003 na Windows ni 0000 (tumia za kwako, na kama kuna nyingine kwenye mstari zifuatishe nyuma):

```
sudo efibootmgr -o 0003,0000
```

Halafu Windows isipoonekana kwenye menyu ya GRUB, fungua `/etc/default/grub`, weka `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false`, kisha `sudo update-grub`. Matoleo ya siku hizi hayatafuti mifumo mingine mpaka uyaruhusu.

Saa ndo inanitatiza. Kwa kawaida Ubuntu inaweka saa ya bodi kwa UTC, Windows inaisoma kama saa ya hapa, kwa hiyo Windows ingekuwa NYUMA masaa matatu. Yako iko mbele. Umegusa nini?

Kijana_wa_Duka: Mwanzo ilikuwa nyuma kweli. Nikaona vidio nikaandika `timedatectl set-local-rtc 1`. Na kuna jamaa aliniwekea kitu kwenye Registry, RealTimeIsUniversal. Niliona dawa mbili ni bora kuliko moja.

Fundi_Kimya: Basi jibu ndo hilo. Ikiwa saa tisa mchana, Ubuntu imeandika tisa kwenye bodi, Windows inadhani hiyo ni UTC, inaongeza matatu inakupa kumi na mbili jioni. Mmebadilishana upande. Bakiza moja tu. Mimi ningebakiza ya Registry. Washa intaneti, hakikisha Ubuntu inasoma saa sahihi, ndo uandike:

```
timedatectl set-local-rtc 0
timedatectl
```

"RTC in local TZ" isome no, na "RTC time" iwe nyuma ya saa ya ukutani kwa matatu. Mzee wa Betri, betri ikifa saa inapotea ovyo, haiwi matatu kamili kila siku.

Mama_Kompyuta: Mi napinga. Tanzania hatusogezi saa majira yakibadilika, aondoe ya Registry abaki na 1, nimetumia hivyo muda na sijaona shida.

Fundi_Kimya: Itafanya kazi hapa, sikatai. Ila timedatectl yenyewe inakutolea onyo ukiwa na 1, na mashine ikisafiri kwenda nchi zinazosogeza saa itakusumbua.

Kijana_wa_Duka: Nimeweka 0, nimeingia Windows mara mbili, saa imetulia. efibootmgr nayo imekubali lakini nikizima na kuwasha Windows inarudi mbele tena. Hapo bado naona nifute tu.

Msema_Kweli255: Weka picha ya hiyo efibootmgr kabla na baada ya kuwasha, tuone.

Fundi_Kimya: Kuna laptopu bayosi yake inairudisha Windows mbele yenyewe. Ukifuta utarudi palepale. Ingia bayosi, panga foleni ukiwa humo, utuambie laptopu ni aina gani.