Kiwanda cha samaki Mwanza kinachagua ERP: siku tukitaka kuondoka, tutatoka na nini?

Mezani_kwa_Minofu (mwanzisha uzi)
Wakuu, salaam. Niko kitengo cha TEHAMA kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Bodi inataka mkataba wa ERP, yaani mfumo mmoja wa kuendesha mapokezi, mauzo na uhasibu, usainiwe kabla ya mwaka mpya wa fedha, na tumebaki na chaguo mbili. Ya kwanza ni huduma ya wingu ya kulipia kwa mwaka; data inakaa kwao, sisi tunaifikia kwa API tu. Ya pili ni Odoo Enterprise, tukiwekewa na mkandarasi wa hapa mjini pamoja na moduli maalumu ya kupokea samaki kutoka mialoni. Kwa vyovyote kuna vitu 5 vya kuunganisha: mizani ya mapokezi, printa ya lebo za loti, EFD, benki na mahudhurio ya wafanyakazi.

Bei tumeshalinganisha. Kinachoninyima usingizi ni kutoka. Baada ya miaka 5 tukiamua kuachana nao, tutabaki na nini mkononi?

Kijana_wa_Pasiansi
Hapo hakuna mjadala mkuu, chukua Odoo. Ni chanzo huria, data inakaa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, ni mali yako. Mkandarasi akisumbua unaleta mwingine, kazi inaendelea.

Msanifu_Ziwa
Kuhusu PostgreSQL umesema kweli ndugu, na ni faida kubwa. Ila kilicho huria ni toleo la Community. Enterprise ina leseni ya kulipia, na uhasibu kamili uko humo. Ukiacha kulipa, hakuna njia rasmi ya kushuka kwenda Community huku kila kitu kikiwa salama.

Mezani, kwa hali yako naona leseni si kamba nene kuliko zote zitakazowafunga. Iliyo nene ni ile moduli ya mapokezi. Jiulize namba ya loti inatungwa na nani. Kama inatungwa ndani ya moduli, kwa utaratibu anaoujua mkandarasi peke yake, namba hiyo itasambaa kwenye lebo, chumba cha baridi, ankara na nyaraka za mnunuzi. Siku ya kuhama, mfumo mpya utaanza na namba zake, na mzigo ambao bado uko kwenye baridi utakuwa na utambulisho wa aina mbili. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 178/2002, ibara ya 18, inataka uweze kuonyesha umepokea kwa nani na umemuuzia nani. Hapo ndipo mnyororo unapokatika.

Kwa hiyo utaratibu wa namba uandikwe kwenye waraka wa kiwanda: tarehe, alama ya mwalo, mapokezi ya ngapi siku hiyo. Mfumo wowote utakaokuja uufuate. Fanya hivyo pia kwa namba za bidhaa na za mawakala wanaowaletea samaki. Kwenye mchoro wako wa usanifu, kabla hujachora mfumo wowote, tenga kwanza vitu ambavyo ni vya kiwanda hata ERP ikibadilika mara tatu.

Dagaa_wa_Kirumba
Mimi nauza dagaa pale Mwaloni, hesabu zangu ziko Excel na kila Jumamosi naweka bakapu kwenye flashi. Si wawe wanachukua bakapu kila usiku tu, hofu iishe?

Bibi_Leja
Kwa biashara yako inatosha kaka, maana Excel inafunguka popote. Kwa ERP, bakapu inakurudisha kwenye mfumo uleule. Yeye anauliza kama mfumo mwingine utaisoma.

Na hata bakapu zinatofautiana. Odoo inatoa aina mbili. Ya zip ina `dump.sql` pamoja na folda ya `filestore`. Ya pili ni ya pg_dump, na haina filestore. Ukibaki na hiyo ya pili, leja itasoma vizuri kabisa, lakini ankara zilizoskaniwa na vyeti vilivyoambatishwa havitafunguka. Utagundua siku mkaguzi anapoomba risiti, na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5.

Kwa ile ya wingu, hofu yangu ni faili ya CSV wanayotolea data. Mara nyingi inatoa jina la wakala bila namba yake ya ndani. Mawakala wawili wenye jina moja wanageuka mtu mmoja, na madeni yao yanachanganyika. Nyingine zinatoa baki za mwisho tu bila miamala iliyozizaa.

Mezani_kwa_Minofu
Hili la filestore sikulifikiria, asante sana dada. Sasa nitalijuaje kabla ya kusaini?

Msanifu_Ziwa
Wape wote wawili mtihani mmoja. Chukua loti moja ya mfano, iingizwe kwenye mfumo wa majaribio tangu mapokezi, ukataji, ufungashaji, ankara hadi malipo, ikiwa na viambatisho. Kisha mtu wako, asiye wa muuzaji, aitoe yote na kuipakia kwenye PostgreSQL tupu. Afuate loti kurudi nyuma hadi mwalo kwa kutumia namba, si majina. Kilo zilinganishwe: zilizopokelewa dhidi ya minofu, mabaki na upotevu. Afungue kila kiambatisho. Kwa Odoo, urari unaupima hivi:

```sql
SELECT sum(debit) - sum(credit)
FROM account_move_line
WHERE parent_state = 'posted';
```

Jibu liwe 0. Ila usiridhike hapo: ankara nzima ikipotea, pande zake mbili zinapotea pamoja na jibu linabaki 0 vilevile. Linganisha pia idadi ya miamala na jumla ya kila akaunti dhidi ya mfumo wa asili.

Fundi_Nyakato
Ongezea tabaka la kati. Vile vitu 5 visiongee na ERP moja kwa moja, vipitie kwenye huduma yenu wenyewe. Siku ya kuhama unabadilisha upande mmoja tu.

Bibi_Leja
Tupige hesabu ya kuhama basi. Tuseme kila muunganisho ukijengwa upya ni siku-kazi 15, jumla 75. Data 60, ripoti 50, mafunzo 40. Zote 225; kwa sh. 400,000 kwa siku ni sh. milioni 90. Tabaka la kati likishusha kila muunganisho hadi siku 5, unaokoa siku 50, yaani milioni 20. Kulijenga na kulitunza miaka 5 ni bei gani?

Fundi_Nyakato
Kujenga ni kama siku 35. Matunzo yanategemea una fundi wa kudumu au huna.

Msanifu_Ziwa
Bila fundi wa kudumu, tabaka hilo litageuka kamba nyingine, ya kwenu wenyewe. Mimi ningeanza na mizani na lebo tu, kwa kuwa ndizo zinazobeba loti. Benki na mahudhurio viende moja kwa moja.

Fundi_Nyakato
Na EFD je? TRA wakibadilisha matakwa utamsubiri muuzaji? Mimi ningeiweka nayo.

Bibi_Leja
Mezani, kwenye mkataba usiache haya: akaunti ya seva na domeini viwe kwa jina la kiwanda, msimbo wa moduli uingie kwenye hazina yenu ya Git kila toleo, si mwisho wa mkataba, na bei ya miezi 6 ya kusoma tu baada ya kuvunja mkataba iandikwe leo. Ukiijadili siku unayoondoka, yeye ndiye atakayepanga.

Mezani_kwa_Minofu
Mrejesho: mkandarasi wa Odoo amekubali mtihani, ila msimbo anataka kuukabidhi baada ya malipo ya mwisho. Wa wingu wanasema utoaji wa data zote ni kwa mteja aliyeshasaini tu. Niwaondoe?

Msanifu_Ziwa
Waombe kwanza wafanye wao mtihani mbele yako, kwa data yao ya maonyesho, wakuachie faili. Wakikataa na hilo, waondoe. Kwa mkandarasi, gawa malipo kwa awamu, kila awamu ikilipwa msimbo wake ukiwa umeingia na umewashwa kwenye seva yenu.