MREJESHO: vile vidoti vyekundu vya mama

Niliuliza: "Mama ana miaka 58, katokwa na vidoti vyekundu kifuani na tumboni, haviumi wala haviwashi, hii ni damu chafu au kansa?"

Wadau asanteni sana, jana nimempeleka kwa dokta wa ngozi. Kavimulika kwa kile kilenzi chenye taa akasema ni vimishipa vidogo vya damu vilivyotanuka vikajikusanya juu juu kwenye ngozi, huanza kutokea ukishavuka miaka 30 hivi na vinaongezeka kadiri umri unavyoenda, havigeuki kansa na damu yake haina shida yoyote. Kweli nilikuwa silali jamani.

Kimoja kilikuwa kimekuwa cheusi, hicho ndo kilinitisha zaidi, kumbe damu iliganda ndani, ila dokta kasema cha hivyo usikikisie kwa macho maana kansa ya ngozi nayo inaweza kuwa nyeusi, lazima kiangaliwe. Pia kama ni vidoti bapa vimetoka vingi ghafla, na una homa au fizi zinatoka damu, hiyo ni habari nyingine, wahi hospitali.

Dawa hajapewa. Kaambiwa tu asivikwangue na dodoki, vinatoka damu kweli.