Tupeane uzoefu: umewahi kumtumia mteja PDF isiyo yenyewe?

Karani wa Ghorofani: Jana nimemtumia mteja mkataba wa mwaka jana badala ya wa mwaka huu. Ofisi yetu ni ya watu watatu na kila mtu anaita faili anavyojua. Wenzangu mnazipangaje?

Mhasibu wa Vifaa: Umenitonesha kidonda. Tunauza vifaa vya ujenzi, shule ikaomba profoma ya bati 120. Niliandaa kwa 28,000 kila bati, kiwanda kikapandisha, nikarekebisha kwenye Word iwe 31,000 na kutoa PDF upya, jina lile lile. Bosi alipoipakua, kompyuta yake ikaiita `Profoma (1).pdf` kwa kuwa `Profoma.pdf` ya kwanza bado ilikuwepo. Akaambatisha isiyo na namba, akiamini ndiyo safi. Shule wakaleta oda kwa bei ya zamani, na muhuri wetu upo. Hasara 360,000. Tangu hapo kila faili inatoka hivi:

```
2024-03-18_Profoma_Bati_v02.pdf
```

Mwaka unatangulia ili zijipange zenyewe kwa tarehe. Ikishatumwa, nakala inaingia folda ya `ZILIZOTUMWA` na haiguswi tena. Hata ikibadilika nukta moja, hiyo ni v03.

Dada wa Mapokezi: Hiyo `(1)` imeniliza na mimi.

Mzee wa Zabuni: Mnajisumbua. Tazama tarehe ya faili, ya karibuni ndiyo sahihi.

Mhasibu wa Vifaa: Hapana, mzee wangu. Ukiipakua tena profoma ya zamani, mara nyingi inasomeka ya leo. Tarehe iliyo ndani ya jina haibadiliki.

Mzee wa Zabuni: Sawa, lakini jina la mteja litangulie. Kwenye simu majina marefu hukatwa, ukaona tarehe tupu.

Mhasibu wa Vifaa: Kwetu kila mteja ana folda yake, hatuna haja ya kumtaja mara mbili.

Mzee wa Zabuni: Na faili ikishatoka nje ya folda? Mimi sikubali.

Kijana wa Steshenari: PDF yangu ina MB 30 inagoma kwenda, nifanyeje?

Dada wa Mapokezi: Skani upya kwa ubora wa chini, mdogo wangu, ila hapa tunaongelea majina.

Katibu Muhtasi: Neno FINAL lipigwe marufuku. Nilikuta `Mkataba_FINAL.pdf` na `Mkataba_FINAL_mpya.pdf`, na uliosainiwa ni ule wa kwanza. Pia andikeni v02, si v2, maana kuna programu zinazoweka v10 kabla ya v2. Na ukishaambatisha, ifungue humo humo kwenye imeili, usome bei na tarehe, ndipo utume. Ukifungua ya kwenye folda hujakagua kitu.

Karani wa Ghorofani: Asanteni. Na uliosainiwa nauita v ngapi?

Katibu Muhtasi: Mimi naondoa v, naandika `SAINI`.

Mzee wa Zabuni: Acha v. Utajuaje walisaini toleo lipi?