Laptopu ya RAM 4 GB: nihamie kuandikia kodi kwenye brauza au nibaki na programu niliyosakinisha?

SpokuNgamiani
Habari za jioni wadau. Niko Ngamiani hapa Tanga, namtengenezea mjomba mfumo wa stoo ya duka lake la vipuri vya baiskeli: ringi, spoku, tairi, minyororo, kimeingia kiasi gani na kimetoka kiasi gani. Natumia React na Vite. Laptopu ni ya mtumba, RAM 4 GB, diski ile ya kuzunguka, Windows 10. Nikifungua VS Code, nikaandika `npm run dev`, kisha nikafungua Chrome kutazama, mashine inaganda. Nabonyeza herufi, inatokea baada ya sekunde mbili tatu.

Rafiki yangu ananiambia nihamie Codespaces, nifanye kila kitu ndani ya brauza. Mtandao wangu ni bando la simu. Je, nitapata nafuu kweli, au nitakuwa nimehamisha tatizo tu?

MzeeWaPongwe
Kijana, weka faili zako zote mtandaoni. Mimi nyaraka zangu nimeshazihamishia huko na laptopu imekuwa nyepesi, diski ilikuwa imejaa.

SpokuNgamiani
Asante mzee wangu, ila diski yangu ina nafasi. Kinachonisumbua ni kuganda wakati programu zinafanya kazi.

Chumbageni_Dev
Hamia leo. Ukiwa Codespaces kompyuta yako haifanyi kazi yoyote, kila kitu kinafanyika kwenye seva. Unapewa mashine ya kore 2 na RAM 8 GB bure. Hata laptopu ya RAM 2 GB inatosha.

FundiRaskazone
Hapo kwenye seva uko sahihi, ila "haifanyi kazi yoyote" sikubali, na ndipo watu wengi wanapokata tamaa.

Spoku, kabla ya kuhama fungua kila kitu kama unavyofanya siku zote, kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc uone nani anakula RAM. Ndani ya Chrome bonyeza Shift+Esc, utaona kila ukurasa peke yake. Kwenye VS Code nenda Help, halafu Open Process Explorer. Tuletee namba.

SpokuNgamiani
Nimefanya. Windows na antivirusi kama GB 1.9. VS Code yote GB 1.1, na ndani yake kuna kitu kinaitwa tsserver, chenyewe MB 600. Node ya Vite MB 300. Chrome MB 700. Diski inasoma 100% muda wote.

FundiRaskazone
Jumlisha: GB 4 kamili, na Windows haikuachii zote 4. Kinachozidi kinaandikwa kwenye diski na kusomwa tena kila kinapohitajika. Diski ya kuzunguka haiwezi mbio hizo, ndiyo maana inasoma 100% na herufi inachelewa. Kihariri chenyewe hakina kosa.

Sasa tazama kipi kinahama. Yule tsserver, anayekagua kodi yako na kukupa mapendekezo, anahamia kwenye seva. Node ya Vite inahama. `npm install` inahama pia, na mamia ya vifurushi yanashushwa kwa mtandao wa seva, siyo kwa bando lako. Kinachobaki kwako ni Windows, Chrome, na ukurasa wa kihariri. Huo ukurasa si mwepesi: ni VS Code ileile imechorwa ndani ya brauza. Mimi kwangu unakula karibu MB 600. Kwa hiyo wewe utashuka kutoka GB 4 hadi kama GB 3. Hiyo ni nafuu halisi. Mwenye RAM 2 GB bado ataganda, kwa sababu Windows na Chrome peke yake vimeshammaliza.

Chumbageni_Dev
Sawa mkuu, hilo la RAM 2 narudi nyuma.

DadaMuheza
Naomba niingize langu. Mimi natengeneza programu za simu, natumia emuleta ya Android Studio na laptopu ya RAM 8 GB inalia. Hii ya kwenye brauza itanifaa?

FundiRaskazone
Dada, emuleta ni habari nyingine, usitegemee mashine hizi kwa hilo. Chomeka simu yako halisi kwa waya wa USB uipimie programu humo. Emuleta ikiondoka, RAM 8 inatosha.

SpokuNgamiani
Nimerudi baada ya siku nne. Kuandika sasa ni raha, herufi haichelewi hata mtandao ukisuasua. `npm install` iliyokuwa inachukua dakika 12 imeisha ndani ya dakika moja. Ila mambo mawili. Kwanza, nikifungua ukurasa wa stoo kuutazama, unachukua karibu dakika nzima, na terminali inajikokota. Pili, nimetumia saa tatu tu jana lakini hesabu imekatwa zaidi.

FundiRaskazone
Herufi haichelewi kwa sababu maandishi ya faili yanachorwa kwenye brauza yako kwanza, ndipo yanapelekwa. Terminali ni kinyume: iko kule, na unachobonyeza kinasafiri kwenda na kurudi.

Ukurasa kuchelewa chanzo chake ni Vite. Ukiwa kwenye `npm run dev` haikusanyi kodi yako kuwa faili moja, inaipeleka kwa brauza moduli mojamoja. Kwenye kompyuta yako hilo halionekani. Kupitia mtandao wa simu, mafaili mia mbili ni maombi mia mbili. Ukitaka kutazama kazi iliyokamilika, ikusanye kwanza:

```
npm run build
npm run preview
```

Kisha fungua poti 4173 badala ya 5173. Utapoteza ile hali ya mabadiliko kuonekana papo hapo, lakini ukurasa utafunguka upesi.

Kuhusu saa: akaunti ya bure ina saa-kore 120 kwa mwezi. Mashine yako ina kore 2, kwa hiyo ni saa 60, kama mbili kwa siku. Kufunga ukurasa hakuzimi mashine. Inasubiri dakika 30 bila kuguswa, na terminali ikiendelea kutoa maandishi hesabu ya dakika hizo inaanza upya. Ukimaliza bonyeza F1, andika `Stop Current Codespace`. Na ukitaka kusahihisha neno moja tu, fungua hazina yako GitHub ubonyeze kitufe cha nukta. Kile kihariri hakina terminali wala hakiwezi kuendesha programu, lakini hakikati saa.

DadaMuheza
Na asiache kazi bila `git push`. Mimi huduma moja ya namna hii ilinifutia mazingira niliyoyaacha muda mrefu, pamoja na kazi ya wiki mbili. Nililia.

FundiRaskazone
Kweli kabisa. Codespaces nayo, ukiiacha bila kuigusa siku 30 inafutwa, usipobadilisha mpangilio. Umeme ukikatika hupotezi kilichohifadhiwa, lakini kisichosukumwa kiko nakala moja tu.

Chumbageni_Dev
Mimi naona afadhali aendelee na VS Code aliyosakinisha, ila aiunganishe na Codespaces. Tsserver inabaki kule na hafungui kihariri ndani ya Chrome.

FundiRaskazone
Nimejaribu. Kwangu tofauti ya RAM ilikuwa ndogo, maana Chrome lazima uifungue tu kutazama ukurasa.

Chumbageni_Dev
Kwangu ilipungua karibu MB 300. Labda ni viendelezi ulivyoviacha upande wa laptopu.

SpokuNgamiani
Nitapima zote mbili Jumamosi, duka likifungwa, nilete namba hapa. Mjomba kashaanza kuuliza lini ataanza kuingiza tairi.