Nani amfuate mwenzake? Tumebakiwa na siku kumi za kujibu

Mhasibu: Wanajukwaa, naomba ushauri. Mke wangu ni mfamasia na amepata kazi katika mji ulio mbali sana kwa kwenda na kurudi kila siku. Tuseme mshahara wake wa sasa ni 100 kwa mwezi na wangu ni 120. Huko ameahidiwa 150. Mimi nimedokezwa kwamba nitapandishwa cheo na kufikia 160. Je, nani amfuate mwenzake?

Kaka Mkubwa: Hesabu ni rahisi: 160 inazidi 150, kwa hiyo bakini. Kazi yenye mshahara mkubwa ndiyo inayoamua.

Bi Subira: Mume wangu alitangulia peke yake, nami nikabaki na watoto miaka mitatu. Nyumba mbili zilimeza nyongeza yote. Msikubali kutengana.

Mhasibu: Ahsante, dada, ila hatufikirii kutengana. Tutahama sote au tutabaki sote.

Mzee wa Ajira: Kaka Mkubwa ana haki ya kutazama fedha, lakini amelinganisha mishahara miwili badala ya kaya mbili. Sasa mnaingiza 220 kwa mwezi, yaani 2,640 kwa mwaka. Mkihama, nawe ukakaa miezi minane bila kazi kisha ukapata ya 100, mwaka wa kwanza mtaingiza 2,200, pungufu ya 440. Baada ya hapo mtapata 250 kwa mwezi, yaani ziada ya 30, na pengo litazibika baada ya takriban miezi kumi na mitano, gharama za kuhama zikiwa kando. Ukiangukia kazi iliyo chini ya 70, halizibiki kamwe. Kwa hiyo kabla ya kujibu, chunguza nafasi za uhasibu zilizopo huko, kisha mke wako aombe tarehe ya kuanza isogezwe ili upate muda wa kutuma maombi ukiwa bado kazini. Na hiyo 160, je, iko kwenye barua?

Mhasibu: Haiko. Jana usiku tuliandika safu mbili kwenye karatasi, mke wangu akaweka kidole juu ya 160 yangu akauliza, "Hii imesainiwa na nani?" Nilikosa jibu.

Bi Subira: Hata ingesainiwa, hesabu ya leo humbana daima aliyetangulia kulipwa kidogo. Mara ya mwisho nani alimfuata mwenzake?

Mhasibu: Yeye ndiye aliyenifuata, miaka sita iliyopita, na akakaa mwaka mzima akitafuta kazi. Kwenye karatasi hatukuliandika hilo.

Kaka Mkubwa: Deni la zamani halilipi kodi ya nyumba.

Mzee wa Ajira: Halilipi, lakini huwezi kulifuta peke yako. Kesho muulize bosi wako iwapo atakuandikia barua ya cheo kabla ya siku hizo kumi kwisha.

Mhasibu: Nitamuuliza. Mke wangu naye ameshaomba asogezewe tarehe kwa miezi miwili, bado hajajibiwa.